Milioni moja, asilimia 10, miaka kumi: riba ya kawaida na riba juu ya riba zikikaa sako kwa bako

"Amana ileile, asilimia ileile, miaka ileile kumi, inakuwaje mmoja anatoka na milioni 2 na mwingine anakaribia milioni 2.6? Na kama ndo hivyo, kuna sababu gani ya mtu kuchagua riba ya kawaida?"

Yote inategemea riba ya mwaka ikishapatikana inaenda kulala wapi. Kwenye riba ya kawaida inawekwa pembeni, mwakani asilimia inapigwa tena kwenye ile milioni moja ya mwanzo tu, kama vile mwaka jana haukuwepo. Kwenye riba juu ya riba, ambayo wengine wanaiita riba limbikizi, ile riba inarudi ndani ya amana inakuwa sehemu ya mtaji, kwa hiyo mwakani asilimia 10 inapigwa kwenye milioni moja na laki moja. Mengine yote yanazaliwa hapo.

Tuweke namba kwanza alafu tubishane tukiwa tunaziona. Amana ni 1,000,000, riba asilimia 10 kwa mwaka, hakuna anayetoa wala kuongeza kitu, na kwenye riba juu ya riba hesabu inafungwa, yaani riba inaingizwa ndani ya amana, mara moja kwa mwaka.

| Mwisho wa mwaka | Riba ya kawaida | Riba juu ya riba | Tofauti |
|---|---|---|---|
| 1 | 1,100,000 | 1,100,000 | 0 |
| 2 | 1,200,000 | 1,210,000 | 10,000 |
| 3 | 1,300,000 | 1,331,000 | 31,000 |
| 4 | 1,400,000 | 1,464,100 | 64,100 |
| 5 | 1,500,000 | 1,610,510 | 110,510 |
| 6 | 1,600,000 | 1,771,561 | 171,561 |
| 7 | 1,700,000 | 1,948,717 | 248,717 |
| 8 | 1,800,000 | 2,143,589 | 343,589 |
| 9 | 1,900,000 | 2,357,948 | 457,948 |
| 10 | 2,000,000 | 2,593,742 | 593,742 |

Anayetaka kuhakiki mwenyewe kwenye simu au kompyuta aandike hizi mbili kwenye Excel, ya kwanza ni riba ya kawaida, ya pili ni riba juu ya riba:

```
=1000000*(1+0.1*10)
=1000000*(1+0.1)^10
```

Sasa soma ile safu ya mwisho taratibu, manake ndo yenye habari. Mwaka wa kwanza hakuna tofauti hata ya senti moja, na haiwezi kuwepo, kwa sababu riba haijapata bado muda wa kuzaa riba nyingine. Mwaka wa pili tofauti ni elfu kumi, mtu anaweza kuiona na kusema aah kumbe ni kitu kidogo tu, na hapo ndipo wengi wanapoacha kuhesabu. Mpaka mwisho wa mwaka wa tano ni laki moja na ushee, yaani nusu ya safari imeisha na bado hujapata hata robo ya tofauti yote, ni chini ya moja ya tano. Ile laki nne na elfu themanini na zaidi iliyobaki yote inakuja kwenye miaka mitano ya mwisho. Mwaka wa kumi peke yake anayelipwa riba juu ya riba anapata 235,795 wakati mwenzake anapata laki yake moja ileile aliyoizoea tangu mwanzo.

Kuna namna nyingine ya kuiona hiyo 593,742 ambayo mi binafsi ndo ilinifanya niielewe kabisa, kwa sababu ukiambiwa tu "riba inazaa riba" ni maneno, hujui imezaa ngapi na lini. Chukua riba ya mwaka wa kwanza, ile laki moja. Inakaa ndani miaka tisa iliyobaki, kila mwaka inaleta elfu kumi, kwa hiyo inaleta 90,000. Riba ya mwaka wa pili inakaa miaka minane, inaleta 80,000. Ya mwaka wa tatu 70,000, unashuka hivyohivyo mpaka ya mwaka wa tisa ambayo imekaa mwaka mmoja ikaleta 10,000, na ya mwaka wa kumi haijapata muda wowote. Jumlisha zote unapata 450,000. Hiyo ni riba iliyozaliwa na riba moja kwa moja. Kilichobaki kufika 593,742 ni 143,742, na hiyo ni riba ya wajukuu na vitukuu, yaani ile elfu kumi nayo ilikaa ikaleta elfu moja, na ile elfu moja ikaleta mia, na kuendelea. Kwa hiyo robo tatu ya tofauti yote imetoka kwenye kizazi cha kwanza tu, na aliyechangia zaidi ni riba ya miaka ya mwanzo kwa sababu ndo iliyokaa muda mrefu. Ndo maana mtu akitoa riba ya mwaka wa kwanza na wa pili "kidogo tu" alafu akaanza kuiacha kuanzia wa tatu, anakuwa ametoa ile iliyokuwa na kazi kubwa kuliko zote. Ukipiga hesabu, laki moja ya mwaka wa kwanza ikiachwa ndani inafika 235,795 mwisho wa mwaka wa kumi, wakati laki moja ya mwaka wa tisa inafika 110,000 tu.

Mpaka hapo riba juu ya riba inaonekana imeshinda bila mjadala, na kwa amana ileile, asilimia ileile, bila kugusa kitu, ni kweli imeshinda, sitaki kuzungukazunguka. Lakini upande wa pili una hoja nzito ambayo haionekani kwenye jedwali, kwa sababu jedwali limeficha kitu kimoja, ile riba ya kawaida iko wapi wakati miaka inapita?

Kuna riba za kawaida za aina mbili na watu wanazichanganya kila siku. Ya kwanza, laki moja yako inalipwa kila mwaka mkononi, unaingiziwa kwenye akaunti yako unaitumia unavyotaka. Ya pili, laki moja yako inaandikwa tu kwenye vitabu vyao, unasubiri mpaka mwaka wa kumi ndo unapewa milioni 2 kwa mkupuo. Zote mbili zinaitwa riba ya kawaida, zote mbili zina jumla ya milioni 2 kwenye karatasi, lakini si kitu kimoja hata kidogo.

Anayelipwa kila mwaka mkononi ana nguvu ambayo mwenzake hana. Akichukua ile laki moja kila mwaka akaiweka sehemu nyingine inayolipa asilimia 10 vilevile, na riba ya huko nayo akairudisha, mwisho wa mwaka wa kumi hizo laki zake pamoja na uzao wake zinakuwa 1,593,742, ongeza ile milioni yake ya mwanzo unapata 2,593,742. Ni ileile, mpaka shilingi ya mwisho kama ungekuwa unahesabu kwa shilingi. Maana yake riba juu ya riba si uchawi wa benki, ni kitu unaweza kukifanya mwenyewe kwa mkono ilimradi riba ikufikie kwa wakati na uwe na pa kuipeleka. Akipata sehemu inayolipa asilimia 6 tu, anafika 2,318,079. Akiiweka chini ya godoro, anabaki na milioni 2. Na kama aliitumia kwa ada ya mtoto au dawa basi hana uchungu wowote wa kulilia 593,742, kwa sababu alishazila laki zake zikiwa na kazi, huwezi kuhesabu pesa uliyoitumia kama vile umeibiwa. Hapa ndo nadhani wachambuzi wengi wanawaonea watu wanaoishi kwa riba, mstaafu kwa mfano, anahitaji hiyo laki mwaka huu, hawezi kula 2,593,742 ya miaka kumi ijayo.

Ila ile aina ya pili, riba ya kawaida inayoshikiliwa mpaka mwisho, hiyo sijapata hoja ya kuitetea kwa asilimia ileile. Pesa yako ya riba iko kwao miaka tisa wanaifanyia kazi na wewe hulipwi chochote juu yake. Unabeba ubaya wa pande zote mbili, huna pesa mkononi na pesa haizai.

Na hili lilinikuta mimi mwenyewe kwenye amana ya miaka mitatu, sitaitaja taasisi. Mkataba uliandika "riba italipwa kila mwaka" na mi kwa kusoma harakaharaka nikaelewa inaongezwa kwenye amana. Mwaka wa pili nikapata stetimenti, nikaona riba ni sawasawa kabisa na ya mwaka wa kwanza, nikadhani ni makosa ya kuandika. Nilipoenda kuuliza nikaambiwa riba ilikuwa inaingia kwenye akaunti yangu nyingine ya kawaida, na hiyo akaunti haina riba yoyote, kwa hiyo ilikuwa imelala tu pale mwaka mzima na mi sikujua. Kwa upande wao walikuwa wametimiza walichoandika, neno lilikuwa "italipwa", halikuwa "itaongezwa kwenye amana". Iliniuma, na mpaka leo hayo maneno mawili ndo naanza kuyatafuta kwenye karatasi yoyote ya amana.

Kwa hiyo kipimo cha haraka cha kujua una riba gani, bila kuuliza mtu, ni riba ya mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza hautakwambia kitu, tumeshaona zinalingana. Kama hujaongeza wala kutoa na asilimia haijabadilika, riba ya mwaka wa pili ikiwa sawa na ya kwanza basi ni ya kawaida. Ikiwa kubwa, gawanya ya pili kwa ya kwanza, 110,000 kwa 100,000 inakupa 1.1, maana yake inaongezwa ndani na inakua kwa asilimia 10. Usisubiri mwaka wa saba kugundua.

Kuna mtego mwingine unaopita upande wa riba juu ya riba na huu unanikera kweli. Muuzaji anachukua ile riba yote ya miaka kumi, 1,593,742, anaigawa kwa kumi, anakuja kukwambia "unapata wastani wa asilimia 15.9 kwa mwaka". Hesabu ya kugawa iko sahihi lakini maelezo yanapotosha, kwa sababu asilimia uliyopewa ni 10, na ukiondoka mwaka wa kwanza utapewa 10, hiyo 15.9 ipo tu kwa anayekaa kumi kamili. Ukisikia namba ya namna hiyo uliza swali moja, mwisho wa mwaka wa kwanza salio langu litasoma ngapi? Likisoma 1,100,000 basi ni asilimia 10, mengine ni mapambo.

Vilevile watu wanapewa presha sana kuhusu riba inafungwa mara ngapi, kila mwaka au kila mwezi au kila siku. Inasaidia ila si kwa kiasi wanachotangaza. Kwa amana yetu hii, asilimia 10 ikigawanywa na kufungwa kila mwezi unafika 2,707,041, ni nyongeza ya kama laki moja na elfu kumi na tatu juu ya kufunga kila mwaka, si haba kwa miaka kumi. Kutoka kila mwezi kwenda kila siku unafika 2,717,910, yaani elfu kumi na kidogo tu ya ziada, na hata wangefunga kila sekunde usingevuka 2,718,282. Ukuta uko pale. Kwahiyo akikupa asilimia ndogo zaidi kwa kisingizio kwamba "sisi tunafunga kila siku", piga hesabu kabla hujafurahi.

Na jedwali lenyewe lina udhaifu wake, limedhani asilimia 10 itasimama miaka yote. Amana nyingi zinawekwa kwa muda mfupi zaidi alafu zinafunguliwa upya kwa asilimia ya siku hiyo. Tuseme miaka mitano ya kwanza ni 10, mitano ya mwisho ikashuka kuwa 5. Riba ya kawaida inatoka na 1,750,000, riba juu ya riba inatoka na 2,055,464. Bado ya pili iko mbele, ila tofauti imekatika karibu nusu, kutoka 593,742 mpaka 305,464, na sababu tumeshaiona, uzito wote wa tofauti uko miaka ya mwisho, kwa hiyo asilimia ikishuka miaka ya mwisho inakata pale penye nyama. Kodi ya riba nayo inafanya kazi kama hiyo, ikikatwa kila mwaka kabla riba haijarudi ndani, basi kinachorudi ndani ni pungufu na uzao wake wote unapungua.

Sasa twende kwenye hali ambayo ndo watu wanakutana nayo kweli, kwa sababu ni nadra kupewa uchague kati ya aina mbili kwa asilimia ileile. Mara nyingi unaambiwa hivi, riba ya kawaida asilimia 10, au riba juu ya riba asilimia 8. Macho yanakimbilia 10. Weka milioni yako ileile. Mwaka wa tano riba ya kawaida ina 1,500,000 na ile ya asilimia 8 ina 1,469,328, bado iko nyuma. Mwaka wa sita 1,600,000 kwa 1,586,874, inakaribia. Mwaka wa saba 1,700,000 kwa 1,713,824, imeshapita, na mwaka wa kumi ni 2,000,000 kwa 2,158,925. Yaani kama kuna uwezekano utaihitaji hiyo pesa kabla ya mwaka wa saba, ile ya kawaida ya 10 ni bora na asikutishe mtu na neno limbikizi. Ukiwa na uhakika wa kukaa kumi, na riba zote mbili zinashikiliwa mpaka mwisho, chukua ya 8. Mpaka wa hapo ni asilimia 7.18 hivi, riba juu ya riba ya chini ya hiyo haitafikia milioni 2 ndani ya miaka kumi hata ikitangazwa kwa matarumbeta.

Lakini kabla hujasaini ya 8, rudi umuulize yule wa 10 kama riba yake inalipwa kila mwaka mkononi. Akisema ndiyo, hesabu inageuka tena. Laki moja zako za kila mwaka ukizipeleka kwenye akaunti yoyote inayolipa asilimia 4 tu na kuziacha humo, mwaka wa kumi unakuwa na 2,200,611, umempita yule wa 8 kwa zaidi ya elfu arobaini, na muda wote huo ulikuwa na uwezo wa kuzigusa ukipata dharura. Kwa asilimia 3 unafika 2,146,388, hapo wa 8 anakushinda kwa elfu kumi na mbili na nusu. Kwa hiyo mstari uko kwenye asilimia 3 na robo hivi, ukijiamini kwamba kila mwaka utaipeleka kweli na huna mkono wa kuipapasa njiani, nenda na riba ya kawaida ya 10 inayolipwa mkononi. Ukijijua huwezi, iache ile ya 8 ikufanyie.